Fildi Bila Kimemo: Kutafuta Mafunzo ya Kazi Chicago Ukiwa Humjui Mtu

Nyumbani mambo ya fildi yana njia zake zinazojulikana. Tanzania chuo kinakupa barua ya utambulisho, unaipeleka halmashauri au kiwandani, na kama mjomba ana rafiki pale, kimemo kinatangulia kabla yako. Kenya wanaita atachimenti, na huko nako anayejulikana hukaribishwa ndani wakati wengine bado wako getini. Ukija kusoma Marekani, barua ya utambulisho haipo na mjomba yuko ng'ambo ya bahari. Wengi wetu huishia kuamini kwamba wenzetu wa hapa wanapata nafasi kwa alama na wasifu peke yake. Si hivyo. Nao wana wajomba. Baba wa mwenzako wa maabara amesoma na mkurugenzi fulani, na mama yake anakaa naye kwenye kamati ya shule. Kimemo cha Kimarekani hakiandikwi kwenye karatasi, huzungumzwa mezani wakati wa chakula cha jioni.

Makala hii inafuata njia aliyopita mwanachama mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Mwanza, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa mazingira, mwenye viza ya F-1 kama walivyo wengi wetu. Alitaka kufanya kazi ya maji Chicago wakati wa kiangazi, na Chicago hakuwa na ndugu, rafiki, wala mtu wa kumpokea kituoni. Nilikuwa nikiishi naye chumba kimoja mwaka ule, hivyo barua zake nyingi nilizisoma kabla hazijatumwa. Ameniruhusu nieleze kila kitu isipokuwa jina lake na la kampuni.

Alianza Septemba, kama wote, kwa kujaza fomu za makampuni makubwa kupitia Handshake na LinkedIn. Makampuni hayo huajiri mapema mno: nafasi za Juni hutangazwa kuanzia Agosti ya mwaka uliotangulia, na nyingi hujaa kabla ya Krismasi. Karibu kila fomu ilikuwa na maswali mawili. La kwanza: je, unaruhusiwa kisheria kufanya kazi Marekani? La pili: je, sasa au baadaye utahitaji kampuni ikudhamini viza? Mwenye F-1 anayetaka kubaki na kufanya kazi hapa baada ya masomo hana budi kujibu ndiyo kwenye la pili, na mara nyingi jibu hilo linatosha kompyuta kumwondoa kabla mtu yeyote hajasoma jina lake. Barua ya kukataliwa ilikuwa ikifika usiku wa manane, dakika chache baada ya kubonyeza kitufe. Hapo ujue hakuna binadamu aliyekukataa. Kudanganya kwenye swali hilo hakufai hata kidogo, maana fomu inabaki kwenye jalada lako nao wana haki ya kukufukuza baadaye.

Hapa niweke neno kwa wenzetu waliokuja na familia zao kama wakimbizi kutoka Kongo au Burundi, maana chamani tumo wa aina zote. Ninyi mnaruhusiwa kufanya kazi kwa hadhi yenu yenyewe, na ndivyo ilivyo kwa mwenye kadi ya kijani. Swali la kwanza jibu lake ni ndiyo, la pili ni hapana, na sehemu ya makala hii inayohusu makaratasi ya chuo haiwagusi. Nimewahi kumsikia mmoja wetu akijibu ndiyo kwenye swali la pili kwa sababu tu kila mgeni aliyemjua alijibu hivyo. Amejifungia mlango ambao haukuwa na kufuli. Lakini tatizo la kutokuwa na mjomba ni letu sote. Mzazi anayefanya kazi usiku katika bohari hana wa kumpigia simu kwenye ofisi ya wahandisi.

Ilipofika Januari mwenzetu aliacha fomu akabadilisha mawindo. Makampuni madogo, yenye watu 10 hadi 60, hayana kompyuta ya kuchuja watu, na mara nyingi hayajui mapema kama yatahitaji mwanafunzi. Huamua Februari, Machi, hata Aprili, mkataba mpya ukishasainiwa na kazi ikaonekana kuwa nyingi kuliko mikono. Mengi hayatangazi kabisa. Sasa utayajuaje, kama hayatangazi nawe huna wa kukuambia?

Jibu lake lilikuwa kufuata fedha za umma. Chicago ni mji ambao umehangaika na maji kwa zaidi ya karne. Mwaka 1900 waliugeuza mto uwe unatiririka kutoka ziwani badala ya kuingia ziwani, ili maji machafu yasiingie kwenye maji ya kunywa. Kuanzia 1975 walichimba mahandaki makubwa chini ya mji ya kupokea mafuriko ya mvua. Kazi hizi zinasimamiwa na mamlaka ya majitaka ya eneo lile, inayojulikana kwa herufi MWRD, na mamlaka hiyo inaongozwa na bodi inayochaguliwa na wananchi. Kwa kuwa ni fedha za umma, ajenda za vikao vya bodi zinawekwa wazi mtandaoni, na ndani yake mna kampuni inayopewa kazi, kazi yenyewe, na kiasi cha fedha. Jiji la Chicago nalo linaweka orodha ya mikataba yake kwenye tovuti yake ya takwimu, data.cityofchicago.org.

Alikaa maktaba Jumamosi mbili na daftari la mistari. Kila kampuni ya usanifu iliyotajwa aliiandikia jina, mradi, na mhandisi anayeusimamia kama alitajwa au alionekana kwenye tovuti ya kampuni. Alipata majina 34. Akayafuta yenye maelfu ya wafanyakazi, kwa kuwa hao wangemrudisha kwenye fomu, na yale ambayo kazi zao nyingi ni za jeshi, ambako asiye raia mara nyingi hapiti. Yalibaki 19.

Ninaona hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Mjomba anakupa vitu viwili: anakutambulisha, na anakuambia mambo ya ndani, yaani nani ana kazi nyingi sasa hivi na anahangaika na nini. Kile cha kwanza hatuna. Cha pili kiko wazi kwenye kumbukumbu za umma, ila hakuna anayezisoma kwa sababu zinachosha. Na njia hii si ya wahandisi tu. Mwanafunzi wa afya ya jamii ataona kwenye NIH RePORTER kila mradi wa utafiti uliopewa fedha na taasisi za afya za serikali kuu, mtafiti wake mkuu, na chuo au hospitali aliyopo. Anayetaka shirika lisilo la faida atasoma Form 990 yake, fomu ya kodi ambayo sheria inataka iwe wazi kwa umma, aone bajeti yake na kama lina uwezo wa kumlipa mtu.

Kisha barua. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa ya Kiswahili iliyovaa suti ya Kiingereza. Ilianza kwa kumtakia mpokeaji afya njema yeye na ofisi yake, ikaeleza alikozaliwa, ikashukuru mapema kwa wema utakaotendwa, na ombi likaja mstari wa kumi na tano. Kwetu hiyo ni adabu, na mtu mzima angeiona barua ya kijana aliyelelewa. Msomaji wa hapa anaisoma kwenye simu akiwa kwenye treni, na asipoona unataka nini katika mistari miwili ya mwanzo anadhani unamficha jambo. Barua aliyoituma hatimaye, nikiigeuza kwa Kiswahili, ilikuwa hivi:

"Mhandisi, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa mazingira. Nimesoma kwenye ajenda ya bodi ya Januari kuwa mnasanifu mabwawa ya kupokea maji ya mvua katika vitongoji vya kusini. Darasani tunatumia programu ya SWMM kukadiria mafuriko, na ningependa kuelewa kwa nini mlichagua kuyahifadhi maji juu ya ardhi badala ya kupanua mabomba. Je, utakuwa na dakika 20 za kuzungumza nami kwa simu wiki ijayo? Jumanne au Alhamisi mchana ninapatikana."

Tazama kwamba hakuomba kazi. Ukiomba kazi kwa mtu asiyekujua, jibu rahisi ni hapana, au kukutupia anwani ya ofisi ya utumishi. Ukimuuliza mhandisi swali la kweli kuhusu mradi wake, unamuuliza jambo ambalo nyumbani kwake hakuna anayetaka kulisikia. Lakini swali liwe la kweli. Kama hukusoma kuhusu mradi wenyewe, sentensi ya pili ya mazungumzo itakuumbua. Wasifu hakuuambatanisha, aliuweka tayari kwa atakayeuomba: ukurasa mmoja, bila picha, bila tarehe ya kuzaliwa, dini wala hali ya ndoa. Mambo hayo tumezoea kuyaandika nyumbani, na mwajiri wa hapa hataki hata kuyaona asije akatuhumiwa ubaguzi.

Kati ya barua 19, sita zilijibiwa, mbili kati ya hizo baada ya kukumbushwa mara moja siku ya nane. Hakukumbusha mara ya pili. Wanne walizungumza naye kwa simu. Kila mara alikuwa na maswali matatu kwenye karatasi, na la mwisho lilikuwa lilelile: "Kama ungekuwa mimi, ungezungumza na nani mwingine?" Swali hili ndilo linalozaa wajomba. Mhandisi wa pili alimtajia wa tatu, na kuanzia hapo barua yake ilianza kwa maneno "fulani amenishauri nikuandikie". Sasa alikuwa na kimemo. Mtu wa mwisho katika mnyororo huo alikuwa mmiliki wa kampuni ya watu 22 iliyopata mkataba wa kukagua mitaro na haikuwa imetangaza chochote. Kuhusu kiangazi, wao wenyewe huuliza una mpango gani. Wasipouliza, mwishoni sema waziwazi kwamba unatafuta nafasi kuanzia Juni. Hilo halina ubaya ukishatangulia kuongea kazi.

Mmiliki alimpenda, kisha akasema neno ambalo wengi wetu tumelisikia: "Samahani, sisi hatushughulikii mambo ya viza." Mwenzetu alikuwa amejiandaa. Alisema ruhusa ya kiangazi inaitwa CPT, inatolewa na chuo chake chenyewe, na kampuni haiombi kitu serikalini wala hailipi ada yoyote. Inachotakiwa ni barua moja ya kumpa nafasi. Jioni ile akamtumia karatasi ya ukurasa mmoja ya maelezo kwa waajiri iliyoandaliwa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Kaiombeni. Mwajiri mdogo si kwamba hawapendi wageni, anaogopa gharama ya wakili, na hofu hiyo wewe ndiye wa kuiondoa, maana hakuna mwingine atakayefanya hivyo.

CPT ina masharti ambayo hayana huruma. Kwa kawaida lazima uwe umesoma muda wote kwa mwaka mmoja kamili wa masomo, hivyo aliyeingia Agosti anaweza kuanza kuifikiria Mei inayofuata. Kazi lazima iwe sehemu ya mtaala, na vyuo vingi hutimiza hilo kwa kukusajili somo la kiangazi, hata la krediti moja, ambalo unalilipia. Ulizeni bei mapema, maana kuna mtu amepata kazi akakosa ada ya krediti. Ruhusa ni ya mwajiri mmoja na tarehe maalumu. Na ukifanya CPT ya muda wote kwa miezi 12 au zaidi, unapoteza haki ya OPT, ule mwaka wa kazi baada ya shahada, katika ngazi hiyo ya masomo. Kiangazi kimoja cha wiki kumi hakikukaribishi huko.

Alihesabu kurudi nyuma kutoka Jumatatu ya kwanza ya Juni. Ofisi ya chuo ilikuwa ikichukua hadi wiki mbili kutoa I-20 mpya. Kabla ya hapo mshauri wa masomo alipaswa kusaini kwamba kazi inahusiana na shahada. Kabla ya hapo, barua ya mwajiri. Barua ilifika mwishoni mwa Aprili, nzuri na ya kirafiki, ila haikutaja saa za kazi kwa wiki wala anwani ya ofisi, ikabidi irudi. Wiki moja ikapotea. Barua inayokubalika ina jina na anwani ya kampuni, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, saa kwa wiki, na maelezo ya kazi yenyewe. Mwandikieni mwajiri vipengele hivyo kabla hajaanza kuandika. Kwa walimu wetu wanaosoma gazeti hili: saini hii huhitajika wiki ileile ya mitihani, wakati wengi mnafunga ofisi na kusafiri. Mwanafunzi anayekuja mlangoni Mei na karatasi mkononi pengine anahesabu siku.

I-20 mpya ilitoka tarehe 20 Mei, na CPT imeandikwa ukurasa wa pili. Alikagua jina la kampuni, anwani, tarehe zote mbili, na maneno ya muda wote, maana saa zaidi ya 20 kwa wiki huhesabiwa muda wote. Kampuni ilimwomba aje siku tatu mapema, bila malipo, aone ofisi na kujifunza mfumo. Alikataa kwa upole, na alifanya vyema. Kazi kabla ya tarehe iliyoandikwa ni kuvunja masharti ya viza, na kutolipwa hakukuokoi.

Kilichobaki ni pa kulala na namba ya hifadhi ya jamii, na viwili hivi vinafungamana kuliko watu wanavyodhani. Namba unaiombea kwenye ofisi ya serikali kwa fomu ya SS-5, bure, na hupokelewi mapema kuliko siku 30 kabla ya kuanza kazi. Kadi hutumwa kwa posta. Bila anwani ya uhakika itapotelea kwenye sanduku la mtu mwingine. Unaweza kuanza kazi kadi ikiwa bado njiani. Anwani mpya pia unapaswa kuitaarifu ofisi ya wanafunzi wa kigeni ndani ya siku 10 tangu uhamie.

Chumba alikitafuta kwa wanafunzi wa Chicago wanaoondoka kiangazi na kumwachia mtu mwingine pango. Mara mbili aliangukia matapeli. Dalili zao zilifanana: bei chini sana kuliko ya majirani, mwenye nyumba yuko nje ya nchi kwa kazi ya kanisa au ya jeshi, funguo zitatumwa kwa posta ukishatuma amana kwa Zelle, na kila ukiomba kuonyeshwa chumba kwa simu ya video mtandao unasumbua. Hakutuma hata senti. Hatimaye aliandikia chama cha wanafunzi wa Afrika Mashariki cha chuo kimoja cha kule, na kijana mmoja asiyemjua akapanda treni ya Red Line kwenda kukitazama chumba Rogers Park, akagonga mlango, akapiga picha, na kuuona mkataba wa mpangaji pamoja na idhini ya mwenye nyumba. Kodi ilikuwa dola 850 kwa mwezi. Jambo hili nasi tunaweza kuwafanyia wanaokuja mji wetu, na halitugharimu zaidi ya nauli.

Alilipwa dola 19 kwa saa, saa 40 kwa wiki, yaani dola 1,520 kila baada ya wiki mbili kabla ya makato. Hati yake ya kwanza ya mshahara ilikatwa kodi ya serikali kuu, kodi ya Illinois ya asilimia 4.95, na tena asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na Medicare, ambayo ilikuwa dola 116.28. Hii ya mwisho haikumhusu. Mwanafunzi wa F-1 ambaye hajamaliza miaka mitano ya kalenda hapa nchini husamehewa makato hayo kwa kazi aliyoruhusiwa, lakini programu za mishahara hukata kwa kila mtu hadi mhasibu abadilishe alama moja. Kwa wiki kumi ingekuwa dola 581.40, zaidi ya nusu ya kodi ya mwezi. Alimwandikia mhasibu siku ileile, akaambatanisha nakala ya I-20, na kwenye hati iliyofuata fedha zilirudishwa. Mwajiri akigoma, kuna fomu 843 ya kudai kwa mamlaka ya kodi yenyewe, IRS, ila hiyo huchukua miezi.